RAM haimo kwenye orodha ya ubao mama: ninunue au niache?

*Fundi, habari za kazi. Niko Mwanga, Kigoma, nakusanya kompyuta ya kuhariri video za harusi. Ubao mama ni wa B550 wenye sloti nne za RAM, prosesa ni Ryzen 5 5600G. Duka moja la Kariakoo lina seti ya Corsair CMK32GX4M2E3200C16. Kwenye orodha ya RAM ya ubao wangu hiyo siioni, naiona CMK32GX4M2B3200C16 tu. Nikinunua itafanya kazi? Nikikosea, kurudisha mzigo Dar ni shughuli.*

Salama ndugu yangu, poleni na kazi huko. Inunue. Ila kabla duka halijafunga mzigo, waombe picha ya lebo iliyobandikwa kwenye vipande vyenyewe, na mkubaliane kwa maandishi siku za kurudisha zianze kuhesabiwa pale mzigo unapofika Kigoma, si pale unapotoka dukani. Sababu za masharti hayo mawili utaziona mbele.

Tuanze na orodha yenyewe. Kwenye ukurasa wa ubao huandikwa Memory QVL au Memory Support, na watu wengi huisoma kama orodha ya ruhusa: kilichomo kinakubalika, kisichomo kimekataliwa. Sivyo ilivyo. Hilo ni daftari la majaribio. Mafundi wa kampuni ya ubao walichukua RAM walizokuwa nazo wakati ule, wakazipachika kwenye ubao ule, kwa prosesa fulani na toleo fulani la BIOS, wakazipima. Zilizopita ziliandikwa. Mbao za B550 ziliingia sokoni Juni 2020, kwa hiyo sehemu kubwa ya daftari hilo ni ya siku zile. RAM iliyotoka baadaye, au ambayo haikupelekwa maabara, haimo. Shida ni kwamba iliyopimwa ikashindwa nayo haimo, na orodha haikuambii ipi ni ipi. Ndiyo maana RAM ikikosekana unatafuta ushahidi mwingine, wala hukati tamaa wala hufumbi macho.

Hakikisha kwanza umefungua orodha inayokuhusu. Kwa ubao mmoja wa B550 kunakuwa na orodha kadhaa, kila moja kwa familia yake ya prosesa. Yako ni ile ya Ryzen 5000G, ambayo mara nyingi imeandikwa Cezanne. Ile ya Ryzen 5000 bila G, yaani Vermeer, inahusu prosesa nyingine kama 5600 na 5600X. Sehemu inayoongoza RAM imo ndani ya prosesa, si kwenye ubao, kwa hiyo matokeo ya Vermeer hayawi matokeo ya Cezanne. Watu hufungua orodha ya kwanza wanayoiona, wakakosa RAM yao, kumbe iko kwenye orodha ya pili. Unapotafuta, usiandike kodi nzima. Bonyeza Ctrl+F uandike mwanzo wake tu, kwa mfano `CMK32GX4M2`, kwa sababu herufi za mwishoni huwa ni za rangi tu na orodha huenda imeandika rangi nyingine ya kitu kilekile.

Ukiipata safu ya RAM, angalia vitu vinne. Kuna kasi, na hapo utakuta namba mbili: SPD Speed ni ile ambayo RAM huwaka nayo bila kuguswa, na Supported Speed ni ile iliyofikiwa kwenye majaribio. Kuna volti. Kuna SS au DS, inayoeleza kama chipu ziko upande mmoja wa kipande au pande zote mbili, na mara nyingi hiyo ndiyo safu moja ya chipu au mbili. Halafu kuna safu ambayo watu huiruka, yenye 1, 2 na 4: hapo panaelezwa majaribio yalifanywa kwa vipande vingapi. Seti ikiwa na alama kwenye 2 pekee, hakuna aliyethibitisha kwamba vipande vinne vyake vitakwenda kasi ileile.

Sasa ziweke kodi zako mbili moja chini ya nyingine:

```
CMK32GX4M2B3200C16
CMK32GX4M2E3200C16
```

CMK ni ukoo wa Vengeance LPX. 32G ni jumla ya GB 32, X4 ni DDR4, M2 ni vipande viwili, yaani GB 16 kila kimoja. 3200 ni kasi, na C16 ni namba ya kwanza ya muda wa kusubiri. Kinachotofautiana ni herufi moja: B na E. Herufi hiyo hutenganisha matoleo ya bidhaa, na hapa tofauti iko kwenye namba za muda. B imepangwa kwa 16-18-18-36, E kwa 16-20-20-38, zote mbili kwa volti 1.35.

Namba hizo ni hesabu ya mapigo ambayo prosesa inasubiri RAM imalize hatua fulani. Kwa kasi ya 3200 saa ya RAM inapiga 1600 MHz, maana data hupita mara mbili kwa kila pigo, kwa hiyo pigo moja ni nanosekunde 0.625. Mapigo 16 ni nanosekunde 10, na hapo zote ziko sawa. Namba ya pili ndiyo inayoachana: 18 ni nanosekunde 11.25, na 20 ni 12.5. E inapewa muda zaidi kidogo, hivyo mzigo wake kwa ubao na prosesa ni mwepesi kuliko wa ile iliyokwisha kupita majaribio. Kwenye kuhariri video za harusi tofauti hiyo hutaihisi. Kama ingekuwa kinyume, iliyopimwa ni E na unayotaka ni B, ningekuwa na tahadhari zaidi.

Kwa hiyo una ndugu wa karibu kwenye orodha: ukoo mmoja, ukubwa mmoja, kasi moja, volti moja, na muda uliolegea zaidi. Huo ni ushahidi wa kwanza. Wa pili unatoka kwa prosesa. AMD wameiandikia 5600G kikomo cha DDR4-3200 kwa vipande viwili, ukikaa ndani ya kikomo hicho huombi chochote cha ziada. Wa tatu utautafuta upande wa pili wa barabara: watengenezaji wakubwa wa RAM nao wana kurasa ambapo unachagua jina la ubao wako, wanakuonyesha RAM zao zinazofaa. Ukurasa huo wa Corsair ukiitaja seti yako chini ya jina kamili la ubao wako, ichukulie sawa na kuiona kwenye QVL. Jina liwe kamili kweli, maana modeli mbili za ubao huweza kutofautiana neno moja tu la mwisho.

Ningekujibu tofauti kama ungeniambia seti ni ya 4000 badala ya 3200. Hapo unapita kikomo cha prosesa, na kufika kunategemea prosesa yako mwenyewe, ubao, na BIOS. RAM ya namna hiyo isipokuwepo kwenye orodha ya Cezanne, iache. Ningekukataza kabisa pia kama duka lingekupa RAM za seva zilizotumika, ambazo huuzwa bei ya chini na ni DDR4 kweli. Zina pini 288 zilezile na zinaingia kwenye sloti bila kulazimisha, ila ubao wako hautawaka. Utazitambua kwenye lebo: mahali palipoandikwa mfano PC4-2400T-, herufi inayofuata kistari hicho cha mwisho ikiwa R ni ya seva, ikiwa U ni ya kompyuta ya kawaida. RAM yenye mapambo ya alumini kama yako aghalabu haina maandishi hayo, lakini ukija kununua kipande kitupu siku nyingine, anzia hapo.

Tuje kwenye ile picha ya lebo. Kwenye kipande cha Corsair, karibu na kodi, pameandikwa neno ver na namba, kwa mfano ver 4.32. Tarakimu ya kwanza inataja aliyetengeneza chipu zilizo ndani: 3 ni Micron, 4 ni Samsung, 5 ni Hynix. Hili ni jambo la kulishika, kwa sababu kodi moja ya dukani inaweza kubeba chipu tofauti mwaka hadi mwaka, bila boksi kubadilika. Hata RAM iliyomo kwenye orodha, ikinunuliwa leo, huenda si ileile iliyopimwa. Orodha nyingi zina safu ya chipu, hivyo unaweza kulinganisha. Kwako cha lazima ni kimoja: vipande vyote viwili viwe na ver moja. Vikitofautiana, ujue mtu amechanganya seti mbili, na hizo usizipokee. Kwenye picha hiyohiyo hakiki 3200, 16-20-20-38 na 1.35V. Lebo ikisoma vingine, umetumiwa bidhaa nyingine.

Usikubali kuuziwa vipande viwili vya GB 16 vya pekepeke kwa kuwa "ni kitu kilekile". Seti imepimwa pamoja kiwandani. Vya pekepeke huweza kuwa kimoja kina chipu 16 za gigabiti 8, kingine chipu 8 za gigabiti 16. Vyote ni GB 16, ila cha kwanza kina safu mbili na cha pili safu moja, na prosesa inalazimika kuvilea kwa namna mbili tofauti kwa wakati mmoja. Mara nyingi huwaka, halafu vikasumbua kwenye 3200.

Kabla mzigo haujafika, kuna kitu cha kuangalia kwenye ubao ambacho kimefanya watu wengi kulaumu RAM isiyo na kosa. Ryzen 5 5600G ilianza kuuzwa madukani Agosti 2021, zaidi ya mwaka baada ya B550. Ubao uliokaa stoo na BIOS ya 2020 hauitambui prosesa hiyo. Utabonyeza, feni zitazunguka, skrini itabaki nyeusi, na utadhani ni RAM isiyo kwenye orodha. Fungua CPU Support kwenye ukurasa wa ubao, utafute 5600G, uone inahitaji BIOS toleo gani. Toleo la ubao wako mara nyingi limebandikwa kwa stika ndogo kwenye ubao au kwenye boksi. Likiwa la zamani, sasisha kwanza. Mbao zenye kitufe cha Flash BIOS zinasasishwa kwa flashi bila hata kupachika prosesa. Fanya kazi hiyo ukiwa na UPS yenye chaji. Umeme ukikatika BIOS ikiwa katikati ya kuandikwa, ubao unaweza kugoma kuwaka kabisa. BIOS mpya ina faida nyingine kwako: mara nyingi huja na marekebisho ya namna prosesa inavyopatana na RAM, na hayo hayaonekani kwenye orodha iliyoandikwa zamani.

RAM ikifika, pachika vipande kwenye A2 na B2, yaani sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwa prosesa. Sukuma mpaka usikie kibano kikilia. Ukiviweka kwenye A1 na A2 vitafanya kazi kwenye chaneli moja, na 5600G itaumia kuliko prosesa nyingine, kwa sababu michoro yake inakula RAM hiyohiyo. Uwashaji wa kwanza unaweza kuchelewa, hata kompyuta ikajizima na kujiwasha yenyewe mara mbili tatu. Ubao unajipimia RAM mpya. Ipe dakika tano, usizime.

Ikishindwa kabisa, na taa ndogo ya DRAM ikibaki inawaka, chomoa umeme, acha kipande kimoja tu kwenye A2, jaribu. Kisha jaribu cha pili peke yake palepale. Kimoja kikiwaka na kingine kikagoma, kilichogoma ni kibovu, na hilo halina uhusiano na orodha. Vyote vikigoma, futa mipangilio ya BIOS: umeme ukiwa umechomolewa, toa betri ya CR2032 kwa dakika chache, rudisha.

Ikiwaka, usiharakishe kuwasha XMP, ule mpangilio unaoifikisha RAM kwenye kasi iliyoandikwa kwenye lebo. Ndani ya BIOS utaona kasi ya chini, 2133 au nyingine iliyo chini ya 3200, na volti 1.2. Huo ndio mwendo wake wa kuzaliwa, wala hujadanganywa na duka. Kwenye mwendo huo endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi. Toleo la bure linakwenda mizunguko minne, na kwa GB 32 litachukua saa kadhaa, kwa hiyo liache usiku. Umeme ukikatika hapa hakuna kinachoharibika, unaanza upya. Kosa hata moja kwenye mwendo huu wa chini ni sababu tosha ya kurudisha mzigo: piga picha ya skrini, itume dukani ndani ya siku mlizokubaliana.

Ikipita safi, ingia BIOS, washa XMP. Kwenye baadhi ya mbao za AMD imeandikwa A-XMP au DOCP, ni kitu kilekile. Rudia MemTest86. Hapa ndipo swali lako la orodha linapopata jibu la kweli, maana sasa umeupima ubao wako, prosesa yako na vipande vyako. Makosa yakitokea hapa tu, wakati mwendo wa chini ulikuwa safi, huenda RAM ni nzima ila haipatani na ubao au prosesa kwenye 3200. Acha XMP ikiwa imewashwa, hakikisha volti inasoma 1.35, kisha shusha kasi peke yake hadi 3000, pima, ikibidi 2933. Ikitulia kwenye 2933, kaa hapo. Video itachukua muda mrefu kidogo tu kutoka, na haitaharibika njiani. Kipimo hiki usikiruke hata Windows ikifunguka vizuri, kwa sababu RAM isiyotulia haina haraka ya kujionyesha: video inakatika ikiwa asilimia 80 ya kutoka, faili lililobanwa linagoma kufunguka, au skrini ya bluu inakuja na neno MEMORY_MANAGEMENT siku mbili kabla ya kumkabidhi bibi harusi kazi yake.

Ukishaingia Windows, thibitisha kwa PowerShell:

```
Get-CimInstance Win32_PhysicalMemory |
  Select DeviceLocator, PartNumber, ConfiguredClockSpeed
```

Utapata mistari miwili, kila mmoja na kodi ileile na 3200. Programu ya CPU-Z itakuonyesha takriban 1600 kwenye DRAM Frequency, nayo ni sahihi kwa hesabu ile ya mapigo. Na Windows ikisema kinachotumika hakifiki GB 32, pungufu hilo limetengwa kwa ajili ya michoro ya 5600G. Kiasi chake unaweza kukibadilisha ndani ya BIOS.

Zitabaki sloti mbili wazi, na najua siku kazi ikikua utatamani kuzijaza. Hapo ile safu ya 4 kwenye orodha ndiyo itakayokuhusu. Kwa vipande vinne, kikomo cha AMD kwa familia hii kinashuka hadi 2933 vikiwa vya safu moja, na 2667 vikiwa vya safu mbili. Seti ya pili yenye kodi ileile na ver ileile inaweza kufika 3200, lakini hakuna aliyekuahidi. Kama unaona kabisa kwamba GB 64 utazihitaji ndani ya mwaka, uliza sasa bei ya seti ya vipande viwili vya GB 32, na usome ukurasa wa ubao kuona kama sloti moja inabeba GB 32. Seti hiyo nayo itafute kwenye orodha ya Cezanne kwa njia hiihii.